Mafua yameisha, kikohozi kimebaki: jinsi ya kujua kinachochewa wapi na kitakaa hadi lini

Mafua huondoka mapema kuliko kikohozi chake. Homa hushuka ndani ya siku mbili tatu, pua huacha kuvuja baada ya wiki moja au siku kumi, mtu anarudi kazini, halafu wiki ya tatu inaingia na bado anakatiza mazungumzo ili akohoe. Hapo ndipo wengi huomba antibayotiki, au huanza kuogopa kwamba kuna ugonjwa mkubwa kifuani. Kwa mtu mzima ambaye hapo awali alikuwa na afya njema, mara nyingi hofu hiyo haina msingi, na antibayotiki hiyo haina kazi ya kufanya.

Kinachomsumbua mtu huyu kwa kawaida ni kimoja kati ya vitu viwili, au vyote viwili pamoja: makamasi yanayoteremka nyuma ya pua hadi kooni, na njia za hewa zilizobaki nyepesi kushtuka baada ya kushambuliwa na virusi. Mwongozo huu unahusu kuvitofautisha, kwa sababu kinachotuliza kimoja hakigusi kingine. Umeandikwa kwa ajili ya watu wazima. Watoto nitawagusia mwishoni, maana kwao baadhi ya dawa hazifai kabisa.

Kwanza, jua muda wa kawaida

Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walikusanya tafiti zilizofuatilia kikohozi cha ghafla kwa watu wazima ambao hawakupewa dawa za kukitibu. Wastani ulikuwa takriban siku 18. Walipowauliza watu wa kawaida wanadhani kikohozi cha namna hiyo hudumu siku ngapi, majibu yalikuwa kati ya siku 7 na 9. Tofauti hiyo inaeleza mambo mengi. Mtu anayesubiri kupona siku ya 8 ataona siku ya 11 kuwa ni hatari, atanunua dawa, atapona siku ya 17 kama ambavyo angepona bila dawa, na tangu hapo ataamini kwamba dawa ile ndiyo iliyomponya.

Kumbuka kwamba 18 ni wastani. Wapo wanaopona mapema zaidi, na wapo wanaovuka mwezi. Madaktari hugawa kikohozi cha watu wazima hivi: kisichofika wiki 3, cha kati ya wiki 3 na 8, na kilichopita wiki 8. Kikohozi kilichobaki baada ya mafua kinaruhusiwa kuingia katika kundi la pili na bado kikawa ni kile kile cha mafua, kinachopungua polepole. Kikivuka wiki 8, hakifai tena kuitwa mabaki ya mafua hadi mtu apimwe.

Hatua ya 1: Hesabu siku zako vizuri

Anza kuhesabu siku ulipokohoa kwa mara ya kwanza, si siku kilipoanza kukuudhi. Tafuta alama ya kukusaidia kukumbuka: siku uliyokosa kazi, safari, ujumbe uliomtumia mtu ukimwambia unaumwa. Wengi wakihesabu kwa kukisia hukosea kwa wiki nzima, na wiki hiyo moja ndiyo inayoamua kama usubiri au uende hospitali.

Jiulize pia kama katikati ulipata siku kadhaa bila kukohoa kabisa, kisha pua ikaanza kuvuja upya na koo kuuma. Hayo ni mafua mapya, na hesabu inaanza upya. Mtu anayeishi na watoto wadogo anaweza kupata mafua mawili mfululizo na kudhani ana kikohozi kimoja kisichoisha.

Hatua ya 2: Hakikisha si kitu kingine

Usiruke hatua hii kwa sababu tu unahisi una nguvu. Nenda kituo cha afya bila kusubiri wiki zozote ikiwa unakohoa damu, unakosa pumzi ukiwa umetulia, kifua kinachoma unapovuta hewa, au homa ilishuka kisha ikarudi. Homa inayorudi baada ya mtu kuanza kupata nafuu ni dalili ya kuheshimu, kwani nimonia mara nyingi huingia kwa mlango huo.

Kifua kikuu kina kanuni yake. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinatosha kuomba kipimo cha makohozi ikiwa unaishi mahali penye ugonjwa huo kwa wingi, umekaa na mgonjwa wake, au una kinga dhaifu ya mwili. Ukipungua uzito, ukitoka jasho jingi usiku au ukiwa na homa ndogo za jioni, usihesabu wiki tena. Kipimo kikionyesha huna, umepoteza asubuhi moja tu. Kutopima ni hatari kwako na kwa wote mnaolala nyumba moja.

Kifaduro huwapata watu wazima pia, hata waliochanjwa utotoni, kwa kuwa kinga ya chanjo hupungua kadiri miaka inavyopita. Hiki huja kwa mafungu: unakohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta hewa, mara nyingine hadi unatapika, kisha unapumzika kama vile hakuna kilichotokea. Ukikishuku, wahi, kwa sababu dawa yake inafaa zaidi wiki za mwanzo, na kwa mtoto mchanga aliye karibu nawe ugonjwa huo unaweza kuua.

Halafu angalia dawa unazotumia kila siku. Dawa za shinikizo la damu ambazo majina yake huishia na "-prili", kama enalaprili, lisinoprili na kaptoprili, husababisha kikohozi kikavu chenye mkereketo kwa baadhi ya watu, na kinaweza kuanza miezi mingi baada ya kuzizoea. Mafua huja, kikohozi kinabaki, na mafua yanabeba lawama isiyo yake. Usiache dawa hiyo mwenyewe. Mweleze daktari akubadilishie, na ujue kwamba kikohozi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kutulia hata baada ya kubadilisha.

Mvutaji wa sigara wa miaka mingi asijitibu kwa mwongozo huu. Kikohozi chake kikibadilika tabia na kupita wiki 3, apigwe picha ya kifua.

Hatua ya 3: Tambua kinachochewa wapi

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hiyo tuende taratibu.

Pua yenye afya hutengeneza makamasi mchana na usiku, na tunayameza bila kujua. Wakati wa mafua huwa mengi na mazito, na utando wa ndani ya pua unaweza kubaki umevimba wiki kadhaa baada ya pua kuacha kuvuja kwa mbele. Yanayoshindwa kutoka mbele huteremka nyuma, hufika kooni karibu na sanduku la sauti, na eneo hilo lina mishipa ya fahamu iliyo tayari kuamsha kikohozi muda wowote. Mwenye tatizo hili husema ana kitu kimekwama kooni. Hujikohoza kidogo kidogo ili kusafisha koo, hasa asubuhi anapoamka, na usiku hukohoa muda mfupi baada ya kulala chali. Akifungua mdomo mbele ya kioo kwa tochi anaweza kuona makamasi yakiteremka nyuma ya koo, au vivimbe vidogo vidogo vyekundu. Asipoona kitu, bado anaweza kuwa na tatizo hilo.

Aina ya pili haina makamasi ya maana. Virusi vya mafua huharibu utando unaofunika njia za hewa, pamoja na vijinywele vidogo vinavyosukuma uchafu kwenda juu. Utando ukiharibika, ncha za mishipa ya fahamu hubaki karibu na hewa inayopita. Ni sawa na ngozi mpya chini ya lengelenge lililopasuka: kitu ambacho jana hukukihisi, leo kinachoma. Ndiyo maana mtu huyu hukohoa akicheka, akiongea kwa muda mrefu, akitoka kwenye joto kuingia kwenye baridi, akinusa manukato, moshi au harufu ya rangi, au akipanda ngazi. Kikohozi chake ni kikavu, huanza na mkereketo chini ya koo, na akishaanza kukohoa ni vigumu kunyamaza. Utando hujijenga upya, lakini kazi hiyo huchukua wiki.

Kwa siku 3 chukua karatasi, na kila ukipata fungu la kukohoa andika mambo matatu: ulikuwa unafanya nini, ulihisi nini sekunde chache kabla, na kilitoka nini. Jambo la pili ndilo lenye uzito kuliko yote. Ukiandika mara nyingi "kitu kinateremka" au "kimekwama", chanzo ni puani. Ukiandika "kuwasha", "kukereketwa" au "hewa ya baridi", chanzo ni njia za hewa. Karatasi ya wengi huonyesha mchanganyiko, na mchanganyiko huo una mpangilio: puani asubuhi na usiku, njia za hewa mchana.

Rangi ya makohozi haitakusaidia sana hapa. Kijani na njano hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana, na huonekana katika mafua ya virusi pia. Makohozi ya kijani peke yake si sababu ya kumeza antibayotiki.

Hatua ya 4: Tuliza pua, ikiwa karatasi inaelekeza huko

Anza na kuosha pua kwa maji ya chumvi. Naiweka mbele ya vidonge kwa sababu inaondoa chenyewe kinachoteremka, na haigombani na dawa nyingine.

Usitumie maji ya bomba au ya kisima moja kwa moja. Yanaweza kuwa na amiba ambayo ukiimeza tumboni haina shida, lakini ikiingia kupitia puani inaweza kufika kwenye ubongo. Hutokea kwa nadra sana, ila karibu kila anayepatwa hufa. Chemsha maji yatokote kwa dakika 1 kamili (dakika 3 ukiwa sehemu za milimani), yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, au tumia maji yaliyokenekwa. Katika mililita 240, yaani kikombe kimoja, koroga chumvi safi laini isiyozidi nusu kijiko cha chai. Ikikuchoma, punguza hadi robo kijiko. Maji yasiyo na chumvi kabisa huchoma zaidi, kwa hiyo kuiondoa yote si suluhisho.

Inama juu ya sinki, geuza kichwa upande mmoja, fungua mdomo na upumue kwa mdomo. Mimina au sukuma maji polepole katika tundu la juu kwa chupa laini au bomba la sindano lisilo na sindano, yatokee tundu la chini. Ukiendelea kutoa sauti ya "aaa" wakati maji yanapita, hayatakimbilia kooni. Nusu kikombe upande huu, nusu upande ule, kisha penga taratibu, tundu moja baada ya jingine. Kupenga kwa nguvu husukuma makamasi kwenye masikio. Fanya asubuhi na jioni, na ile ya jioni iwe saa moja hivi kabla ya kulala, kwani maji yaliyobaki ndani hudondoka ukilala na utadhani njia hii imekudhuru. Osha chombo na kikaushe kila mara.

Pua iliyobaki imevimba, au mtu mwenye historia ya mzio, hupata nafuu kwa dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kama flutikasoni au mometasoni. Wengi hulalamika kwamba haifanyi kazi, na ukiwauliza wanavyoitumia unaona sababu. Ipuliziwe baada ya kuosha pua, si kabla. Kichwa kiinamishwe kidogo mbele, mdomo wa chupa uelekezwe upande wa sikio na mbali na ukuta wa katikati ya pua, na usivute hewa kwa nguvu. Ukivuta kwa nguvu, dawa inaishia kooni unaimeza. Ipe hadi wiki 2 za matumizi ya kila siku kabla ya kuihukumu.

Kuhusu vidonge vya mzio, tofautisha vya zamani na vipya. Vipya visivyoleta usingizi, kama setirizini na loratadini, husaidia mwenye mzio, lakini kwa makamasi yaliyobaki baada ya mafua havina msaada mkubwa. Vya zamani, kama klorfeniramini, hukausha makamasi, na ndivyo ambavyo madaktari wamekuwa wakivitumia kwa kikohozi hiki. Kasoro yake ni usingizi mzito, kwa hiyo ni vya usiku, na usiendeshe gari baada ya kumeza. Mwenye glakoma, mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, na mzee anayepoteza kumbukumbu au kuyumba wasivitumie bila kumuuliza daktari.

Dawa za kuzibua pua haraka, zile ambazo ndani ya dakika chache unahisi pua imefunguka, zisizidi siku 3 hadi 5. Ukizidisha, pua huziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, na unajikuta na tatizo jipya lililotengenezwa na tiba. Zile za kumeza zinaweza pia kupandisha shinikizo la damu.

Hatua ya 5: Tuliza njia za hewa, ikiwa karatasi inaelekeza huko

Hapa dawa ni chache kuliko watu wanavyodhani, na kilicho muhimu zaidi ni kukohoa kidogo. Hewa inayotoka kwa kasi wakati wa kukohoa hukwaruza utando ule ule unaojaribu kujijenga. Kila fungu linaandaa fungu linalofuata. Kwa hiyo kikohozi kikavu kisichotoa kitu kizuiwe, kwa utaratibu huu: mkereketo ukianza tu, funga mdomo, meza mate au funda dogo la maji, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha itoe polepole kupitia midomo iliyobanwa. Rudia kwa nusu dakika hadi dakika moja. Mara za mwanzo utashindwa, kwa sababu utakuwa umechelewa. Siri ni kuanza kabla ya kikohozi cha kwanza kutoka, maana kikishatoka cha pili hukifuata chenyewe.

Kama kuna kohozi kweli, hilo litolewe. Badala ya kukohoa kwa nguvu, vuta hewa ya wastani, fungua mdomo na uitoe kwa kasi kwa sauti ya "haa" mara mbili au tatu, halafu kohoa mara moja na uteme. Koo litaumia kidogo kuliko ukikohoa kwa nguvu.

Asali ni ya kweli. Kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala, peke yake au katika maji vuguvugu, hupunguza kikohozi cha usiku kwa kiasi fulani. Pipi ya koo husaidia kwa sababu inakufanya umeze mate mara kwa mara, kwa hiyo hata ya kawaida isiyo na dawa inafaa. Kujifukiza kwa maji yanayochemka sikupendekezi. Nafuu yake ni ya dakika chache, na beseni la maji ya moto likimwagika mapajani huleta jeraha baya kuliko kikohozi. Epuka moshi wa aina yoyote kwa wiki hizi, ukiwamo wa udi na wa jikoni. Hilo litakusaidia kuliko sirapu nyingi za dukani.

Dawa ya kuvuta ya salbutamoli haisaidii kikohozi cha namna hii kwa mtu asiye na pumu na asiyetoa mlio kifuani, ingawa wengi huiazima kwa jirani. Ikiwa kikohozi kinakuvuruga usingizi au kazi, daktari anaweza kujaribu ipratropiamu ya kuvuta, na baada ya hapo pengine steroidi ya kuvuta kwa muda mfupi. Lakini ukisikia mlio kama filimbi unapotoa hewa, ukiamka alfajiri kifua kimebana, au kama ulikuwa na pumu utotoni, mwambie hivyo waziwazi. Mafua huamsha pumu iliyolala, na tiba yake ni tofauti.

Hatua ya 6: Pima kwa wiki, si kwa siku

Kila jioni jipe alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutokohoa kabisa. Usilinganishe leo na jana. Kikohozi hiki hupanda na kushuka: siku moja ya kuongea sana au kupita penye vumbi inaweza kurudisha alama 7 kwa mtu aliyefika 3. Linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita. Ukishuka, hata kwa alama moja, endelea. Ukibaki pale pale kwa wiki 2 mfululizo huku umefuata hatua hizi vizuri, au ukipanda, nenda ukaonwe hata kama hujafika wiki 8.

Mfano wa mwalimu

Tumchukue mwalimu wa miaka 36, asiyevuta sigara wala kutumia dawa yoyote ya kila siku. Koo lilimuuma Jumatatu, pua ikavuja Jumanne, akaanza kukohoa Jumatano. Hiyo Jumatano ndiyo siku ya 1. Siku ya 12 alipewa amoksisilini, akamaliza dozi, hakuona tofauti. Siku ya 20 bado anakohoa darasani na kitandani, na wenzake wanamwangalia kwa wasiwasi. Hana homa, hajapungua uzito, hatoi damu. Kwa kuwa amevuka wiki 2 na anakaa na watu wengi, anapima makohozi kwanza, na majibu yanatoka safi.

Karatasi yake ya siku 3 inasema hivi. Asubuhi hujikohoza kwa takriban robo saa na kutoa kohozi jeupe zito. Usiku kikohozi huanza ndani ya nusu saa baada ya kulala, na kabla yake huhisi kitu kinateremka. Mchana hali ni nyingine: anakohoa baada ya kuongea dakika 20 hivi, au akifuta ubao wa chaki, na neno aliloandika kila mara ni "kuwasha". Ana vyanzo vyote viwili.

Anaanza kuosha pua asubuhi na jioni, anapuliza flutikasoni baada ya kuosha asubuhi, na kwa wiki moja anameza klorfeniramini ya mg 4 usiku. Darasani anaweka chupa ya maji mezani, anawaachia wanafunzi wasome kwa sauti katikati ya kipindi, anafuta ubao kwa kitambaa chenye unyevu, na mkereketo ukianza anageuka, anameza, anapumua kwa pua.

Siku ya 27 analala usiku kucha, lakini mchana bado anakohoa karibu kama mwanzo. Hapa wengi hukata tamaa na kusema dawa zimeshindwa. Ukitazama karatasi, chanzo kimoja kimezibwa na kilichobaki ni kile ambacho dawa za pua hazikigusi. Anaacha vidonge, anaendelea kuosha pua hadi wiki 2 zitimie, na mchana anashikilia zoezi la kumeza na kupumua. Wastani wa alama zake kwa wiki unashuka kutoka 6 hadi 5, kisha 3. Siku ya 41 anakohoa akicheka au akitoka nje asubuhi yenye baridi, basi. Siku ya 49, mwisho wa wiki ya 7, anaandika 0.

Kama siku ile ya 27 angekuwa analala lakini anaamka alfajiri kifua kimebana, hesabu ingebadilika, na hatua yake ingekuwa kwenda kupimwa pumu.

Kwa mtoto

Kwa watoto wenye mafua, nusu huwa wameacha kukohoa kufikia siku ya 10, na 9 kati ya 10 kufikia siku ya 25. Kikipita wiki 4 apelekwe akapimwe. Asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka 1, kwa hatari ya sumu ya botulini. Aliyepita mwaka anaweza kupewa nusu hadi kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala. Sirapu za kikohozi za dukani hazifai kwa watoto wadogo, na yenye kodeini asipewe mtoto wa umri wowote. Matone ya maji ya chumvi puani yanatosha. Mpeleke mara moja akivuta mbavu ndani anapopumua, akishindwa kunyonya au kunywa, au akipumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Hesabu akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Na ikiwa kikohozi kilianza ghafla alipokuwa akila karanga au akichezea kitu kidogo, huenda amekivuta kifuani, hata kama sasa anacheza vizuri.

Ukivuka wiki 8

Nenda na karatasi zako. Daktari ataanza na picha ya kifua na kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine, kisha atatazama pumu, mzio na sainasi za pua, na asidi ya tumbo inayopanda, ambayo inaweza kuleta kikohozi hata bila kiungulia. Mweleze tarehe ya siku ya 1, dawa zote ulizotumia na kwa siku ngapi, na ulivyozitumia. Dawa ya pua iliyotumiwa siku 4 tu, au iliyovutwa ikaishia kooni, haijajaribiwa bado, na huenda akakuomba uirudie vizuri kwa wiki 2 kabla ya kukupeleka kwenye vipimo vya gharama zaidi.